Akaunti Inavyoungua Hesabu Ikiwa Upande Wako



Mwaka 2016 Victor Haghani na Richard Dewey walichapisha matokeo ya jaribio ambalo nimekuwa nikilifundisha kila ninapopata nafasi. Waliwakusanya watu 61, wanafunzi wa fedha na uchumi pamoja na vijana walioajiriwa katika kampuni za fedha. Kila mmoja alipewa dola 25 za kuanzia na kuwekwa mbele ya kompyuta inayorusha sarafu. Aliambiwa wazi kwamba sarafu hiyo imeegemea upande mmoja: kila inaporushwa, uwezekano wa kuangukia kichwa ni 60%. Ukipatia, unapata faida sawa na dau lako. Ukikosea, dau limekwenda. Una dakika 30, unaweka dau lolote unalotaka, na kitakachobaki ni chako, hadi dola 250.

Hakuna mfanyabiashara wa sarafu za kigeni wala wa hisa ambaye hangeomba soko la namna hiyo. Hata hivyo, 28% ya washiriki walimaliza bila hata senti. Hawakudanganywa, wala sarafu haikubadilishwa. Walifilisika wakiwa na kitu ambacho wengine hukitafuta maisha yao yote: mchezo ambao wastani wake ni faida. Theluthi moja hivi waliwahi kuweka dau la pesa zote walizokuwa nazo kwa mrusho mmoja.

Nataka tuone hasa hapo kilitokea nini, kwa sababu ndicho kinachotokea vijana wetu wanaposema wameunguza akaunti.

Chukua akaunti ya shilingi 1,000,000 na sarafu ileile. Mtu wetu anaamua kuweka nusu ya salio kila mara. Kwa wastani, kila mrusho unaongeza salio kwa 10%, na ukiishia kwenye wastani utaona mpango mzuri kweli. Sasa mpe mirusho 100, na bahati yake iwe ile iliyoahidiwa, si zaidi wala pungufu: ashinde 60, apoteze 40. Kila ushindi unazidisha salio kwa 1.5 na kila hasara inalizidisha kwa 0.5. Zidisha moja na nusu mara 60, kisha nusu mara 40, utabaki na shilingi 33,400 hivi. Ameshinda mara zote alizostahili kushinda, na akaunti imekwisha.

Sababu ni kwamba salio huzidishwa, halijumlishwi. Ukipoteza nusu, ushindi unaofuata wa nusu haukurudishi ulikokuwa; unakuacha na robo tatu. Ule wastani wa 10% ni wa kweli, lakini unabebwa na watu wachache mno walioshinda mfululizo wakapata mabilioni, na mabilioni yao huchanganywa na umaskini wa wengine wote. Mtu mmoja mwenye akaunti moja haishi kwenye wastani huo. Anaishi kwenye mfuatano wake mwenyewe wa ushindi na hasara.

Mtu huyohuyo angeweka 10% ya salio kila mara, ushindi ule 60 na hasara zile 40 zingempa takriban milioni 4.5. Angeweka 20%, angefika karibu milioni 7.5. Hiyo 20% haikuja kwa kubahatisha. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, alionyesha sehemu ya mtaji inayokuza salio kwa kasi zaidi katika muda mrefu. Pale faida na hasara zinapolingana, sehemu hiyo ni uwezekano wa kushinda ukitoa uwezekano wa kushindwa: 0.6 kutoa 0.4. Ukivuka hapo, kila unachoongeza kwenye dau kinapunguza ukuaji, na ukizidi mno mtaji unaanza kunywea.

Huenda mtu akauliza: kupoteza mara tano mfululizo si jambo la nadra, ukishinda 60%? Ukiangalia mirusho mitano tu, ni kweli; inatokea mara moja hivi katika 100. Lakini katika mirusho 100, uwezekano wa kukutana na mfululizo huo mahali fulani unakaribia nusu. Yule wa nusu ya salio atabaki na shilingi 31,250 kutoka kila milioni aliyoingia nayo. Wa 10% atabaki na 590,490, na bado yumo mchezoni. Mfululizo wa hasara si dalili kwamba mbinu imeharibika. Umo ndani ya mbinu yenyewe tangu siku ya kwanza.

Wengi hawaweki asilimia. Huweka kiasi kilekile kila mara. Kwao ipo kanuni rahisi ya hatari ya kufilisika. Gawanya uwezekano wa kushindwa kwa ule wa kushinda, kisha zidisha jibu kwa lenyewe mara nyingi kama idadi ya madau yaliyomo kwenye mtaji wako. Kwa sarafu yetu, theluthi mbili. Mtaji wa madau manne unakupa hatari ya kufilisika siku moja ya karibu 20%. Wa madau kumi, chini ya 2%. Ila ukishinda 52% tu, ambayo ni karibu zaidi na hali ya soko, madau kumi yanakuachia hatari ya 45%.

Kanuni hizi zote zinadhani jambo moja ambalo soko halikuahidi: kwamba hasara moja haijui habari za nyingine. Haghani analijua hilo kwa undani, kwani alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mfuko wa Long-Term Capital Management, pamoja na Robert Merton na Myron Scholes waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mfuko huo ulinunua dhamana zilizoonekana rahisi na kuuza zinazofanana nazo zilizoonekana ghali, ukisubiri bei zikaribiane, na ulikopa zaidi ya mara 20 ya mtaji wake. Agosti 1998 Urusi ilisitisha kulipa madeni yake. Wawekezaji kila mahali wakakimbilia dhamana salama, na biashara zilizodhaniwa kuwa mbalimbali zikaanguka pamoja. Kufikia Septemba benki 14 zililazimika kutia dola bilioni 3.6 na kuuchukua mfuko. Baadaye benki hizo zilirudishiwa fedha zao, kwa kuwa bei nyingi zilikaribiana kama ilivyotarajiwa. Wenye mfuko walikuwa wamekwisha kubaki na sehemu ya kumi tu ya umiliki.

Kwa hiyo nashauri nusu ya kiwango cha Kelly kiwe kikomo cha juu kabisa, kwa sababu hasara zinaweza kuja pamoja, na asilimia yako ya ushindi ni makadirio yaliyotokana na rekodi fupi.

Nimalizie na akaunti ninazoletewa na wanafunzi. Mtu ana dola 100, anafanya jozi ya euro na dola kwa loti ndogo kabisa ya dalali wake, 0.01, ambapo pipsi moja ni senti 10. Mbinu yake inahitaji kikomo cha hasara cha pipsi 200 na lengo la faida kama hilo, na inashinda 55%. Kila hasara ni dola 20, na loti ndogo zaidi haipo. Ana madau matano tu. Hatari yake ya kufilisika ni takriban 37%, na kwa vitendo inazidi hapo, maana dalali humfungia biashara kabla salio halijafika sifuri. Mbinu ileile, loti ileile, kwenye akaunti ya dola 1,000: hatari hiyo haifiki 1 katika 10,000.