Kutoa Matusi, Kubakiza Hoja

Maoni ya mteja yanayoondolewa kwenye Google Maps au Tripadvisor mara nyingi hayaondolewi kwa ukali wake. Nyota moja inaruhusiwa, na lawama nzito zinaruhusiwa. Kinachoyaangusha ni matusi, vitisho, kashfa juu ya kabila au dini, siri za mtu binafsi, na habari ambazo mwandishi hakuziona mwenyewe. Google inaeleza wazi kuwa haiingilii mabishano ya mteja na mwenye biashara kuhusu nani anasema kweli. Kwa hiyo mwenye biashara akilalamika tu kwamba aliyoandikwa si ya kweli, hafiki mbali. Inambidi aonyeshe kanuni iliyovunjwa. Tusi moja linamrahisishia kazi hiyo.

Mchujo wa kwanza hufanywa na kompyuta, na tusi la Kiswahili linaweza kupenya siku ya kwanza. Kupenya si kukubaliwa. Mwenye biashara akiyaripoti maoni hayo baadaye, yanaweza kuondolewa yote, pamoja na yale yaliyokuwa na haki ndani yake.

Mfano mzuri wa kufanyia kazi ni safari ya Maziwe, kisiwa cha mchanga kilichoko baharini mbele ya Pangani, kusini mwa mji wa Tanga. Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti, lakini miti ilikwisha, na leo mchanga huonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Wageni huenda kuogelea kwenye matumbawe na kupumzika juu ya mchanga. Tuseme mgeni mmoja amerudi kutoka huko akiwa amekasirika, na kabla hajakauka ameandika hivi:

"MATAPELI WAKUBWA! Wametula hela zetu, kisiwa chenyewe hakuna, maji matupu! Nahodha mlevi, mjinga, hajui bahari. Watu wa pwani wavivu tu. Nusura tufe. Msiende, mtakufa!"

Asiyeijua Maziwe akisoma maneno hayo atadhani kisiwa ni uongo. Anayeijua atacheka tu, maana kila mvuvi wa Pangani anajua kuwa Maziwe huzama. Hapo mwandishi ameshapoteza kesi yake, ingawa kesi anayo. Ukimuuliza taratibu, inajitokeza: waliahidiwa kuondoka saa mbili na nusu asubuhi, wakaondoka saa sita na nusu mchana.

Saa hizo nne ndizo kiini cha lawama, na sababu iko kwenye maji. Wakati wa bamvua, katika pwani hii maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, kisha huanza kujaa hadi karibu na saa kumi jioni. Anayetoka saa mbili na nusu anakuta mchanga umetandaa na ana muda wa kutosha. Anayetoka saa sita na nusu, kwa mwendo wa karibu saa moja kwa boti, anafika maji yakiwa yamekwisha kuanza kurudi. Kosa si la bahari wala la kisiwa. Kosa ni la aliyejua saa za maji akachelewesha chombo, wala hakuwaambia abiria kuwa kwa kuchelewa huko watakuta ukanda mwembamba wa mchanga.

Kuandika upya kunaanza na swali moja kwa kila neno la hasira: ni kitu gani kilichoonekana au kusikika hata neno hilo likaja? "Matapeli" lilitokana na bei. Walikubaliana shilingi 60,000 kwa mtu, na ufukweni wakadaiwa 15,000 zaidi kwa kila mmoja, bila risiti. Hilo laweza kuandikwa lilivyo. Neno "matapeli" linadai kwamba kulikuwa na nia ya kuiba, na nia hiyo mteja hana namna ya kuithibitisha. Ushahidi wa pesa ya ziada anao kwenye ujumbe wa simu wa malipo.

"Nusura tufe" ilitokana na majaketi ya kujiokolea: abiria walikuwa tisa, majaketi matano. Hesabu hiyo inatisha kuliko kelele zote, na haihitaji kuongezewa chumvi.

"Mlevi" ni neno la hatari zaidi. Kama mteja alimwona nahodha akinywa bia chomboni, na aandike kwamba alimwona akinywa. Kama alikisia kutokana na macho mekundu, neno hilo linatoka kabisa, kwa kuwa macho ya mtu anayeshinda juani na kwenye maji ya chumvi huwa mekundu hata bila pombe. Katika mfano huu alikisia tu. "Mjinga" halina kitu chini yake, nalo linatoka. "Watu wa pwani wavivu" halirekebishiki: halihusu safari ile bali watu wote wa eneo, na ni aina ya kauli ambayo majukwaa haya hayairuhusu.

Baada ya kuchuja, kinachobaki kinapangwa kwa saa:

"Tulilipia safari ya Maziwe kwa makubaliano ya kuondoka saa 2:30 asubuhi. Tuliondoka saa 6:30 mchana, bila maelezo. Tulipofika maji yalikuwa yanajaa. Tulikaa juu ya mchanga kama dakika 25, kisha ukafunikwa. Bei ya makubaliano ilikuwa Sh 60,000 kwa mtu, lakini ufukweni tulidaiwa Sh 15,000 zaidi kila mmoja na hatukupewa risiti. Tulikuwa abiria tisa na majaketi ya kujiokolea yalikuwa matano. Tuliomba kurejeshewa pesa ya ziada siku hiyo hiyo, hatujajibiwa. Atakayeenda aulize saa ya maji kupwa na ahesabu majaketi kabla ya kupanda. Msaidizi wa nahodha alitusaidia vizuri kushuka na kupanda."

Sentensi ya mwisho haikuwekwa kwa ajili ya adabu tu. Ni kweli ilitokea, na msomaji anayeona kwamba mwandishi anatofautisha mtu na mtu humwamini zaidi kwenye yale mabaya. Kama hakuna zuri lolote, lisibuniwe. "Msiende" limegeuka kuwa jambo ambalo msafiri anayefuata anaweza kulifanya, ingawa kusema tu "sishauri kwenda" nako kungekubalika.

Maoni yaliyoandikwa vizuri bado yanaweza kuharibiwa na vitendo vinavyofuata. Kuwaomba ndugu watatu ambao hawakusafiri waongeze nyota moja kila mmoja ni kughushi, na kunaweza kuondosha hata maoni halali. Kumwandikia mwenye boti kwamba "rudisha pesa nifute" ni kitisho, na Tripadvisor ina mahali pa wenye biashara kuripoti vitisho vya namna hiyo.

Upande wa sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha habari akijua ni za uongo au za kupotosha, kwa nia kama ya kukashifu, kutisha au kutukana. Adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu. Ndiyo maana picha ya majaketi, jumbe za makubaliano zenye saa na ujumbe wa malipo havifutwi kwenye simu hata baada ya maoni kuchapishwa.

Suala la majaketi lina mlango mwingine pia. Nyota moja haizuii boti kutoka kesho asubuhi. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara unasimamiwa na TASAC, na malalamiko yanayopelekwa huko huwa na nguvu yakiwa na namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa chombo, tarehe, idadi ya abiria na idadi ya majaketi.