Shingo Nyeusi Isiyotakata: Mwili Unasema Nini?

(Mazungumzo ya mwuguzi wetu wa afya ya jamii kwa wajumbe wa kamati za parokia, Kisesa)



Leo nazungumzia jambo ambalo wengi hapa Kisesa huliita uchafu. Ni ule weusi unaokaa nyuma ya shingo, kwapani na penye mikunjo ya kinena. Ngozi huwa nene, na ukiipapasa ni laini kama kitambaa cha mahameli. Waganga huiita akanthosisi nigrikansi. Haiambukizi wala haitokani na kutooga. Hata hivyo nimeona watoto wakiaibishwa mbele ya wenzao kwa ajili yake, na akina mama wakijisugua kwa jiwe mpaka damu.

Inatoka wapi? Tukila, sukari huingia kwenye damu, na insulini huiruhusu iingie katika misuli na ini. Kwa watu wengine, hasa wenye mafuta mengi tumboni, mwili huanza kuwa mgumu kuisikia insulini. Kongosho hujibu kwa kutengeneza nyingi zaidi. Insulini hiyo iliyozidi hufika kwenye ngozi na kuziamsha chembe zake zikue kupita kiasi. Ngozi inakuwa nene, na kwa sababu ni nene inaonekana nyeusi. Ndiyo maana sabuni haisaidii.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, macho peke yake hayatoshi. Papasa kwa kidole. Kisha futa kwa pamba yenye spiriti: uchafu utatoka kwenye pamba, ngozi hii haitabadilika. Fangasi kwa kawaida huwasha, hutoa magamba na huwa na ukingo unaoonekana. Mara nyingi pia utakuta vinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 41, mwenye kilo 86. Ameona weusi huo kwa miaka mitatu, akadhani ni mkufu. Akanunua mkorogo. Hapo ameongeza tatizo, kwani baadhi ya mikorogo ina dawa kali za steroidi, na zikipakwa eneo kubwa kwa muda mrefu zinaweza kuingia mwilini na kupandisha sukari.

Anafika kliniki asubuhi, hajala tangu usiku, saa nane au zaidi zimepita. Tunapima kiuno, shinikizo la damu na sukari. Sukari yake ni milimoli 6.4 kwa lita. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, 7.0 na kuendelea ni kisukari, na kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kumwambia hivyo. Kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari, lakini yuko njiani. Mama huyu amekuja wakati mzuri.

Na kama ingesomeka 5.2? Hapa ndipo tunapokosea. Tunamwambia "huna kitu, nenda nyumbani." Kumbe sukari inaweza kuwa sawa kwa miaka kwa sababu kongosho linafanya kazi mara mbili. Huyo naye apewe ushauri uleule, na apimwe tena baada ya mwaka.

Ushauri wenyewe ni huu. Aondoe soda na sukari ya chai. Ugali upungue, mboga na dagaa viongezeke. Michembe na matobolwa ni viazi, basi vihesabiwe pamoja na ugali, visiliwe juu yake. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Lengo si kuwa mwembamba. Akipunguza kilo sita kati ya zile 86, mwili huanza kuisikia insulini tena, na shingo huanza kulainika polepole, kwa miezi. Dawa ni uamuzi wa daktari.

Jambo la mwisho ni la hatari. Si kila weusi huu ni wa insulini. Ukitokea ghafla kwa mtu mzima anayekonda bila sababu, ukasambaa upesi, au ukafika midomoni na viganjani, unaweza kuwa ishara ya saratani ya ndani, hasa ya tumbo. Huyo asisubiri kliniki yetu ya mwezi. Apelekwe hospitali kubwa kama Bugando.

Kwa hiyo, wajumbe, mkimwona mtu mwenye shingo ya namna hii, msimwambie akaoge. Mwiteni pembeni, mwambieni aje asubuhi kabla ya kunywa chai. Nanyi wafadhili, mizani na utepe wa kiuno tunavyo. Kinachotuishia kila mara ni vijiti vya kupimia sukari.