Barua ya Seremala juu ya Kitanda Kipya

Jioni hii sikuja na maneno yangu mwenyewe, ila nimekuja na barua ya mtu mwingine, nami nitawasomea kama ilivyo, baada ya kuwaeleza kwanza sababu ya kuandikwa kwake.

Rafiki yangu mmoja akaaye Mpwapwa aliagiza kitanda cha mninga kwa seremala wa mjini Dodoma. Kitanda kilifika mwanzo wa mwezi wa Juni, nacho kilisimama imara kabisa. Alikuwa amekinunua kwa ajili ya mama yake mzee, ambaye usiku akitaka kuamka hushika tendegu ili ajiinue. Baada ya wiki tano kitanda kilianza kulia na kuyumba. Jirani akashauri papigwe misumari mirefu katika kila pembe. Rafiki yangu alikuwa hajamaliza kulipa. Theluthi moja ya bei ilikuwa bado mkononi mwake. Basi akamwandikia fundi kwa ukali, kwamba bolti alizotia ni mbovu na kwamba fedha iliyobaki hataiona. Hili ndilo jibu alilolipata, na kwa ruhusa ya wote wawili naliacha bila majina.

"Kwa Bwana wangu mpendwa, salamu nyingi sana, na salamu kwa mama yetu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili. Fedha iliyobaki kaa nayo kwanza. Lakini nakusihi usipige msumari hata mmoja mpaka umalize kusoma maneno haya.

"Bolti si mbovu, wala hakuna mtu aliyezilegeza. Zimebaki mahali pake. Mbao ndiyo iliyoondoka. Kitanda chako nilikitengeneza mwezi wa Machi, mvua ikinyesha, na hewa ya karakana yangu ilikuwa na unyevu mwingi. Wewe ulikipokea Juni. Wajua nchi yetu hii ya Ugogo: mvua yetu, ambayo wastani wake ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi tu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, hata kama mti wake ulikatwa zamani. Ikinywa hunenepa, ikikauka hukonda. Na ajabu yake ni hii, kwamba hukonda kwa unene na kwa upana, lakini kwa urefu haipungui kiasi cha kuonekana.

"Sasa tazama bolti ilivyopita. Huingia kwa nje, hulipita tendegu kwa unene wake, kisha huingia katika kichwa cha mfumbati, yaani ule ubao mrefu wa ubavuni, na huko ndani hukutana na nati niliyoificha katika tundu. Tendegu lina unene wa sentimita 7. Kwa kukauka kwa wiki tano laweza kupungua nusu milimita, au zaidi kidogo. Chuma cha bolti hakikupungua kitu. Basi kati ya chuma na mti imepatikana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayolia usiku. Hapa kosa langu nalikiri: ilinipasa kukuambia siku ile ile ya kukabidhi kitanda kwamba baada ya wiki nne kitataka kukazwa, nami sikusema.

"Kazi yenyewe fanya hivi. Ondoa godoro, kisha ondoa chaga zote, maana chaga zikiwamo huzuia mifumbati isijiweke sawa. Tazama kwanza kama miguu yote minne yakanyaga sakafu. Mguu mmoja ukining'inia, weka kibanzi chini yake. Usijaribu kuushusha kwa kukaza bolti, maana utakipinda kitanda kizima.

"Halafu chukua kamba isiyovutika. Pima kutoka pembe ya kichwani kulia hata pembe ya miguuni kushoto, ufunge fundo. Kisha pima pembe mbili zilizobaki kwa kamba ile ile. Vipimo vikiwa sawa, kitanda ni mraba. Vikipitana kwa upana wa kidole, legeza bolti zote kidogo, sukuma pembe zile zilizo mbali zikaribiane, upime tena. Ukikaza kitanda kilichokwenda upande, utakuwa umeufunga upotovu wake, wala hakitaacha kulia.

"Bolti ni 8, mbili kila pembe. Usimalize pembe moja ndipo uende ya pili. Anza kichwani kulia, nenda miguuni kushoto, rudi kichwani kushoto, malizia miguuni kulia. Kila pembe kaza bolti ya juu kidogo, kisha ya chini kidogo. Ukiisha zunguka tena mara ya pili. Tumia spana ya kawaida, yenye urefu wa shibiri moja, na nguvu ya mkono mmoja. Usichomeke bomba katika spana ili kuiongezea urefu. Bolti hizi kila mzunguko mmoja huingia milimita 1 na nusu. Kwa hiyo upungufu wa nusu milimita au zaidi kidogo hautaki zaidi ya nusu mzunguko. Nakupa kipimo hiki ili kikulinde. Bolti ikikaza kwa nusu mzunguko, ni ukavu tu. Ikienda mizunguko 2 na zaidi, acha, kuna jambo jingine.

"Jambo hilo laweza kuwa moja katika mawili. La kwanza, nati inazunguka pamoja na bolti ndani ya tundu lake. Utajua kwa kuwa bolti haiingii wala haitoki. Chungulia upande wa ndani wa mfumbati, izuie nati kwa ncha ya bisibisi, ndipo ukaze. La pili, bolti imefika mwisho wa meno yake, nayo haiendi mbele tena, ila kiungo bado ki wazi. Hapo itoe, uongeze kisahani cha pili cha chuma chini ya kichwa chake, kisha uirudishe. Visahani vinne nimevifunga katika karatasi hii.

"Ukiisha kukaza, mtu mmoja atikise kitanda, na wewe weka kidole juu ya kila kiungo. Mahali ambapo mwanya unafunguka na kufumba chini ya kidole, bolti yake haijakaza. Viungo vyote vikitulia na sauti ikabaki, basi zinazolia ni chaga zikisuguana na mahali zinapolala. Pake mshumaa mahali hapo. Lakini ukihisi mwanya ukicheza pale ubao wa kichwani unapoingia katika tendegu, hapo hapana bolti. Ni ulimi na gundi. Hapo usiguse. Ni kazi yangu, nami nitakuja au utaniletea, bila malipo.

"Sasa nikuambie kwa nini nakataza msumari. Bolti hukubali kulegezwa na kukazwa mti unapobadilika. Msumari haukubali. Utashika leo, na mwakani mbao itakapotaka kunenepa au kukonda, msumari utaizuia, nayo itapasuka kufuata njia ya nyuzi zake. Kichwa cha mfumbati kikiisha kupasuka, hapana spana itakayokiponya. Itakuwa kukata ubao mwingine.

"Na kwa sababu hiyo hiyo nakataza kukaza mno. Mwezi wa Desemba mvua itakapoanza, tendegu litanenepa tena. Likikuta bolti imelibana kupita kiasi, halina pa kwenda, na nyuzi zake zitasagwa chini ya kisahani. Kiangazi kitakachofuata utaona kitanda kimelegea kuliko mwaka huu, na pale chini ya kichwa cha bolti utaona shimo la duara. Basi kagua mara tatu kwa mwaka. Mwezi wa Juni kaza. Mwezi wa Oktoba, ukavu ukiwa mkali, gusa tu, na ile iliyolegea ndiyo uikaze. Mwezi wa Januari jaribu kila bolti kuilegeza. Ikiwa ngumu mno, irudishe robo mzunguko. Baada ya mwaka wa pili utaona mabadiliko yanapungua, kwa kuwa viungo vimekwisha kukaliana, lakini hayataisha kabisa. Vanishi niliyopaka huchelewesha unyevu, haiuzuii.

"Neno la mwisho. Watu wetu wakiona kunguni hutoa kitanda chote nje, wakakianika juani mchana kutwa au kumwagia viungo maji ya moto. Godoro lianike upendavyo. Lakini jua la adhuhuri hukausha upande mmoja wa ubao na upande wa pili ukabaki, nao hupinda. Na maji ya moto hulegeza gundi. Fungua bolti, tenganisha vipande, vipanguse kivulini kwa kitambaa kikavu, na kila ufa upitishe kisu chembamba. Ukivirudisha, fuata taratibu niliyokueleza.

"Fanya haya, kisha mama alale juma moja. Kikilia tena, nipelekee habari nije nikichukue. Kikinyamaza, nawe utajua la kufanya. Wasalamu, mimi fundi wako."

Hapo barua imekwisha. Rafiki yangu alikuwa na spana ya kuazima na kamba ya katani. Aliniambia ya kuwa pembe zilipitana kwa kidole na nusu, naye akazisawazisha kwanza. Bolti saba zilikaza kwa nusu mzunguko au chini ya hapo, kama alivyoandikiwa. Ya nane, ile ya chini kichwani kushoto, ilizunguka bila mwisho. Akachungulia, akaona nati yazunguka katika tundu lake. Mtoto akaishika kwa bisibisi, nayo ikakaza. Tendegu lile la kichwani kushoto ndilo ambalo mama yake hulishika usiku. Kama jirani angalipiga msumari wake pale, ungaliingia katika mti uliokuwa haujashikwa na kitu.

Juma lilipita na kitanda hakikulia. Theluthi iliyobaki aliipeleka Dodoma kwa mkono wake mwenyewe, na akamwomba fundi ampe spana ya kununua, kwa kuwa Oktoba haikuwa mbali. Fundi naye, tangu siku hiyo, kila kitanda kinachotoka katika karakana yake hufungiwa karatasi ndogo katika tendegu, imeandikwa: Kaza baada ya wiki nne, usipige msumari.