Majalada Kumi Yaliyopotea Usiku Mmoja: Mazungumzo kuhusu Ugeuzaji wa Majalada ya Viwanja



Mkazi anayefika dirishani kuomba nakala ya jalada la kiwanja chake hutarajia kulikuta kamili: barua ya toleo, ramani, stakabadhi za kodi, na hati ya mauziano ikiwa kiwanja kilibadilisha mikono. Siku hizi karani hashiki tena rundo la karatasi. Huandika namba ya kiwanja katika kompyuta, na jalada hufunguka kwenye kioo. Kati ya rundo lile na kioo hiki kuna kazi ambayo aghalabu hufanyika usiku, ofisi zikiwa zimefungwa na pasipo mtu wa kuitazama. Mazungumzo haya yanahusu kazi hiyo, na hasa yanayotokea inaposhindwa.

Kazi yenyewe ina hatua nne. Kwanza karatasi hupigwa picha na skana, na kila ukurasa huwa faili ya picha. Pili, programu husoma maandishi yaliyomo katika picha ili jalada liweze kutafutwa kwa jina au kwa namba. Tatu, kurasa huunganishwa kuwa faili moja ya PDF. Nne, faili hiyo hunakiliwa katika diski ya hifadhi, kisha picha za awali hufutwa kwa sababu zinachukua nafasi kubwa mno. Ukurasa wa A4 uliopigwa kwa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, una pikseli 2480 kwa 3508. Kila pikseli huchukua baiti 3, hivyo ukurasa mmoja usiobanwa ni megabaiti 26. Jalada la kurasa 60 linapita gigabaiti moja na nusu kabla ya kubanwa.

Hatua ya nne ndiyo yenye hatari, kwa kuwa ndiyo pekee inayofuta kitu. Ofisi moja ya ardhi ililijua hilo kwa gharama.

Usiku huo majalada 40 yalikuwa yamepangwa kugeuzwa. Kila moja, likiisha kubanwa, lilikuwa na ukubwa wa takriban gigabaiti 1. Fundi aliangalia diski ya hifadhi jioni, akakuta nafasi tupu ya gigabaiti 45. Arobaini ndani ya arobaini na tano: hesabu ilikubali, naye akaenda nyumbani. Asubuhi taarifa ilisomeka kwamba majalada 40 yamefaulu. Alipotazama diski tena, alikuta gigabaiti 15 tupu, ilhali zilipaswa kubaki 5 tu. Tofauti hiyo ilikuwa ushahidi tosha kwamba kitu hakikuandikwa, lakini nani hushtuka akikuta nafasi imezidi?

Baada ya wiki kadhaa mama mmoja alifika kuomba jalada lake. Faili ilikuwepo kwenye orodha, jina sahihi, namba sahihi, lakini ilikuwa na ukubwa wa baiti sifuri. Ndipo orodha nzima ilipopekuliwa. Majalada 30 ya mwanzo yalikuwa salama. La 31 lilikuwa limekatika katikati, nalo lilikataa kufunguka, kwa sababu faharasa inayoieleza kompyuta kila ukurasa uko wapi ndani ya PDF huandikwa mwishoni mwa faili, na mwisho huo haukuwapo. Tisa yaliyosalia yalikuwa majina matupu. Picha zake za awali zote zilikuwa zimefutwa.

Kilichotokea kilifahamika baadaye. Saa 8 usiku kazi nyingine, ya kuhifadhi nakala ya kanzidata ya mapato, iliweka faili ya muda ya gigabaiti 15 katika diski hiyohiyo, kisha ikaifuta saa 11 alfajiri. Kwa hiyo diski ilijaa usiku wa manane na kupata nafasi tena kabla ya mtu kuamka. Aliyeitazama jioni hakuona tatizo, wala aliyeitazama asubuhi.

Lakini swali gumu zaidi ni hili: kwa nini kompyuta ilisema imefaulu? Kila programu inapomaliza huacha namba ya matokeo. Sifuri ni kufaulu, na namba nyingine yoyote ni kushindwa. Programu ya kunakili, `cp`, ilishindwa na ikasema hivyo waziwazi. Hata hivyo, fundi, kwa nia njema ya kuweka kumbukumbu za makosa, alikuwa ameiandika amri yake namna hii:

```
cp jalada-031.pdf /hifadhi/ 2>&1 | tee -a /var/log/ugeuzaji.log
```

Kistari kile cha wima hupeleka maneno ya programu ya kwanza kwa programu ya pili, `tee`, ambayo huyaandika katika daftari la makosa. Kwa kawaida namba inayosomwa mwishoni ni ya programu ya mwisho peke yake. Programu ya `tee` ilikuwa imefanya kazi yake vizuri: iliandika kosa kwa uaminifu kamili, katika diski nyingine iliyokuwa na nafasi, ikaacha sifuri. Hatua iliyofuata ikaona sifuri na kufuta picha. Ni sawa na mtumishi aliyeulizwa kama mzigo umefika, akajibu ndiyo, kwa kuwa aliyeulizwa ni mwandishi wa daftari wala si mchukuzi. Daftari lenyewe lilipofunguliwa, lilikuwa na mstari huu tangu usiku ule:

```
cp: error writing '/hifadhi/jalada-031.pdf': No space left on device
```

Maana yake ni kwamba diski haina nafasi. Kosa lilikuwa limeandikwa, ila hapakuwa na mtu wala programu iliyopewa jukumu la kulisoma.

Marekebisho ya kwanza ni mstari mmoja tu unaowekwa mwanzoni mwa maelekezo ya kazi katika ganda la Bash: `set -o pipefail`. Mstari huo huamuru kwamba ikiwa programu yoyote katika mnyororo imeshindwa, mnyororo mzima uhesabiwe umeshindwa. Bila huo, hakuna maana ya kuzungumzia kurudia kazi, maana mfumo hauwezi kurudia kazi ambayo haujui kwamba imeshindwa.

Marekebisho ya pili yanahusu nafasi ya diski. Kuangalia mara moja jioni hakutoshi, kwa kuwa kuangalia si kutenga: nafasi iliyoonekana saa 12 jioni yaweza kuchukuliwa na mwingine saa 8 usiku. Mfumo uliotengenezwa upya hupima nafasi kabla ya kila jalada. Huchukua ukubwa wa faili inayokuja, huongeza akiba ya gigabaiti 5, kisha hulinganisha na nafasi iliyopo. Isipotosha, jalada haliguswi. Akiba hiyo si anasa. Diski inayokaribia kujaa kabisa huzuia hata kazi ambazo hazihusiani na ugeuzaji. Namba inayofaa kusomwa katika majibu ya amri ya `df` ni ile iliyo chini ya `Available`, wala si tofauti ya jumla na iliyotumika, kwa sababu mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi mkuu peke yake. Aidha, kazi ya kanzidata ilihamishiwa diski yake. Hilo lingefanywa tangu awali, sehemu kubwa ya msiba huu isingetokea.

Kurudia kunahitaji busara zaidi, kwa kuwa makosa si ya namna moja. Diski iliyojaa, mtandao uliokatika au seva iliyozimwa na umeme ni makosa ya kupita: ukisubiri, huenda yakaondoka. Picha iliyoharibika tangu kwenye skana ni kosa la kudumu. Irudiwe mara mia, haitapona. Mfumo mpya hurudia makosa ya kupita mara 3, kwanza baada ya dakika 5, kisha baada ya dakika 30, kisha baada ya saa 3. Vipindi hurefuka kwa makusudi. Anayegonga mlango kila sekunde humchosha aliye ndani, na katika kompyuta majaribio yanayofuatana mbiombio huziba njia ambayo kazi nyingine zinaihitaji. Katika usiku ule jalada la 31 lingesubiri hadi faili ya kanzidata ifutwe saa 11 alfajiri, jaribio la mwisho lingelikuta nafasi, na mama yule asingejua kamwe kwamba kulikuwa na tatizo. Kosa la kudumu halirudiwi hata mara moja. Jalada huwekwa kando, likisubiri mtu.

Ili kurudia kusilete madhara, nakala huandikwa kwanza kwa jina la muda, mathalani `jalada-031.pdf.part`, ndani ya diski hiyohiyo ya hifadhi. Ikikamilika ndipo hupewa jina lake halisi. Kubadilisha jina ndani ya diski moja hufanyika kwa tendo lisilogawanyika, hivyo karani hawezi kukuta nusu ya jalada chini ya jina kamili. Kabla ya jina kubadilishwa, programu ya `pdfinfo` huulizwa faili ina kurasa ngapi, na idadi hiyo hulinganishwa na picha zilizotoka kwenye skana. Zikiwa 60 na 60, jina hubadilishwa. Zikiwa 60 na 59, picha hazifutwi. Hata zikilingana, picha hukaa siku 30 zaidi.

Kuna jambo ambalo ukaguzi huu hauwezi kuliona. Kurasa mbili zilizoshikamana zikapita kwenye skana kama moja zitahesabiwa moja pande zote mbili, na hesabu italingana. Kwa sababu hiyo kurasa za karatasi huhesabiwa kwa mkono kabla ya kupelekwa kwenye skana, na idadi huandikwa juu ya jalada.

Daftari la makosa nalo limebadilika. Kila mstari una saa, namba ya jalada, jaribio la ngapi, namba ya matokeo na maneno ya kosa kama yalivyotolewa na programu. Saa 1 asubuhi muhtasari wa yaliyoshindikana hupelekwa kwa mkuu wa masijala, hata kama ni sifuri, kwa kuwa asubuhi isiyo na muhtasari yaweza kumaanisha kwamba mfumo wenyewe haukuamka.

Kati ya majalada 10 yaliyopotea, 8 yalipigwa picha upya kutoka kwenye karatasi zake. Mawili yalikuwa yamelowa mvua stoo. La mama yule lilikuwa mojawapo. Lilijengwa upya kutokana na barua ya toleo aliyokuwa ameitunza nyumbani, pamoja na nakala za stakabadhi zake za kodi.

Mkazi anayeomba jalada lililogeuzwa sasa hupewa karatasi yenye idadi ya kurasa zilizohesabiwa kwa mkono na idadi iliyomo kwenye kompyuta. Idadi hizo zikitofautiana, karani anapaswa kulitafuta jalada la karatasi kabla mkazi hajaondoka dirishani. Jalada likiwa bado katika orodha ya yanayosubiri, mkazi ana haki ya kuelezwa kosa lililoandikwa na siku litakaporudiwa.