Kasoro Iliyofichwa Ndani ya Nyumba: Muuzaji Anapaswa Kusema Nini, na Mnunuzi Anaweza Kudai Nini?

Maneno ya mazungumzo kwa wauzaji na wanunuzi wa nyumba, Garsen



Mtu anayetaka kuuza nyumba inayoingia maji, mwezi mzuri kwake ni Februari. Ardhi imekauka, upepo unavuma, kuta zimepigwa rangi, na mnunuzi akizunguka uani haoni hata tone. Mafuriko ya Mto Tana hayasubiri mvua inyeshe Garsen. Maji hutoka mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hujaza mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, na mabwawa yakifurika mto huvimba huku chini hata kama jua linawaka. Mnunuzi aliyetoka nje ya kaunti hawezi kuyajua hayo kwa kutazama ukuta.

Hiyo ndiyo kasoro iliyofichika: tatizo ambalo mtu mwangalifu, akikagua nyumba kwa njia ya kawaida, hataliona. Dirisha lililovunjika si kasoro ya namna hiyo, wala paa lililotoboka likaonyesha mwanga. Lakini msingi uliotitia katika udongo mweusi na nyufa zake zikazibwa kwa plasta, choo cha zamani kilichofukiwa na sakafu ikamwagwa juu yake, au sebule iliyokaa ndani ya maji siku kumi mwaka 2018 na tena 2024, hizo ni kasoro zilizofichika.

Wengi hudhani kwamba sheria ya Kenya inamlazimisha muuzaji aeleze kila ubaya wa nyumba yake. Haimlazimishi. Atakayenunua sufuria au injini ya boti dukani analindwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo katika mauzo mengi ya dukani huweka ndani ya mkataba ahadi ya ubora hata kama muuzaji hakuitamka. Nyumba si bidhaa. Nyumba huuzwa pamoja na ardhi, na hapo mahakama za Kenya hufuata kanuni ya zamani iliyopokelewa kutoka Uingereza: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Muuzaji akinyamaza tu, bila kusema lolote na bila kuficha lolote, kwa kawaida hana kosa juu ya hali ya jengo. Ni kanuni ngumu, na wenye kuumizwa nayo zaidi ni wageni.

Lakini kimya ni kitu kimoja na uongo ni kitu kingine, na sheria huwatenganisha vikali. Muuzaji hapaswi kutamka jambo lisilo kweli. Hapaswi kusema nusu ya ukweli ikapotosha, kama yule anayesema "maji ya 2018 hayakufika hapa" huku akijua yale ya 2024 yalifika kiunoni. Wala hapaswi kuficha kasoro kwa mikono yake, kwa sababu rangi iliyopakwa ili kufunika alama ya maji husema uongo bila kufungua mdomo.

Mahakama za Uingereza ziliamua jambo hili mapema sana. Mwaka 1813, katika kesi ya Schneider na Heath, meli ilikuwa imeoza sehemu ya chini. Ili wanunuzi wasione, ilishushwa majini ikaelea, kisha ikauzwa kwa maneno kwamba mnunuzi anaichukua pamoja na kasoro zake zote. Mahakama ilikataa maneno hayo yamkinge mtu aliyeficha kwa makusudi. Mwaka 1986, katika kesi ya Gordon na Selico, ilikuwa ni nyumba London yenye mbao zilizoliwa na kuvu, na fundi akazifunika kabla ya mauzo. Huo nao ulihesabiwa udanganyifu. Kwa hivyo mkataba unaosema "mnunuzi amekagua nyumba na kuridhika nayo jinsi ilivyo" humsaidia muuzaji mnyamavu, lakini haumwokoi aliyepaka rangi ili kuficha.

Kuhusu hati, wajibu ni mzito zaidi. Ikiwa kuna mkopo juu ya kiwanja, kesi, mgogoro wa mpaka, au ikiwa kilichopo ni barua ya ugawaji tu na si hati miliki, muuzaji lazima aseme. Mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki. Hilo lingetosha mazungumzo yake yenyewe. Leo neno ni juu ya jengo.

Chukueni mfano wa kubuni. Mwalimu amehamishiwa Garsen kutoka Voi. Mwezi wa Februari anaonyeshwa nyumba ya matofali ya simiti yenye vyumba vitatu, bei shilingi 2,400,000. Ukuta ni mweupe kila upande. Soketi za umeme ziko juu, karibu na bega. Milango ni ya zamani, lakini fremu zake zimekatwa chini na kuungwa mbao mpya. Plasta ya nusu ya chini ni laini, ya juu ina mikwaruzo ya miaka. Kila kimoja kati ya hivyo kina maelezo yasiyo na hatia. Vikiwa pamoja, vinasimulia maji.

Mwalimu anamwuliza muuzaji: "Mzee, maji ya mto yamewahi kuingia humu ndani?" Mzee anajibu: "La, mwanangu, huishia kule barabarani." Mwalimu analipa, anahamia. Mwezi wa Mei maji yanaingia hadi usawa wa kitanda, rangi inachubuka, na chini yake mstari wa kahawia wa mafuriko ya zamani unaonekana ukizunguka sebule nzima.

Swali lile moja ndilo lililobadilisha kila kitu. Bila swali, mzee angeweza kusema hakuulizwa, na kesi ingesimama juu ya rangi peke yake. Baada ya swali, kuna jibu, na jibu ni uongo. Ndiyo maana mawakili wazoefu humtaka mnunuzi aulize kwa maandishi kabla ya kutia sahihi: je, maji yaliingia mwaka 2018, 2023 au 2024, yalifika kimo gani, kuta zimetengenezwa lini, chini ya sakafu kulikuwa na nini. Kisha majibu yaingizwe ndani ya mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), hata hivyo inataka mkataba wa ardhi uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Maneno ya dalali chini ya mwembe yanaweza kumfunga muuzaji aliyemtuma, lakini kuyathibitisha mahakamani ni kazi.

Mwalimu sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mkataba utenguliwe: anarudisha nyumba, anarudishiwa pesa zake. Njia hii hupotea upesi. Akiugundua uongo kisha akaendelea kukaa miezi mingi kama mwenye kuridhika, akaongeza chumba, au akaiuza, mahakama itasema ameikubali nyumba. Kwa hivyo barua ya madai iandikwe mapema, na picha zipigwe kabla ya fundi kugusa ukuta.

Ya pili ni kubaki na nyumba na kudai fidia. Mthamini akisema nyumba yenye historia hiyo ya maji ilikuwa na thamani ya shilingi 1,500,000 siku ya mauzo, tofauti ni shilingi 900,000. Juu yake, kwa sababu ni udanganyifu, mwalimu anaweza kudai hasara iliyotokana moja kwa moja: vitanda vilivyooza, kodi ya chumba alichohamia maji yalipoingia. Risiti zitunzwe.

Pagumu ni kuthibitisha. Tangu kesi ya R.G. Patel na Lalji Makanji ya mwaka 1957, mahakama za Afrika Mashariki hutaka udanganyifu uthibitishwe kwa uzito kuliko madai ya kawaida. Haitoshi kuonyesha kwamba maji yalikuwepo. Lazima ionekane kwamba mzee alijua. Hapa Garsen ushahidi huo mara nyingi upo, ila watu hawaukumbuki. Majirani waliokimbia pamoja naye wapo. Fundi aliyepaka rangi yupo. Na huenda jina la muuzaji mwenyewe limo katika orodha ya waathiriwa iliyoandikwa wakati wa kugawa misaada. Aliyepokea blanketi la mafuriko ya 2024 hawezi kusema hakujua.

Ikiwa muuzaji hakujua kweli, kwa mfano alirithi nyumba na hajawahi kuishi humo, njia ya mnunuzi ni nyembamba. Kosa la nia njema linaweza kutengua mkataba kabla ya uhamisho. Baada ya jina kubadilishwa mahakama husita sana, na fidia hutegemea hasa kama jambo hilo liliandikwa kuwa sharti la mkataba. Nyumba mpya inayouzwa na mjenzi kabla haijakamilika ni tofauti: mjenzi huhesabiwa kuwa ameahidi kazi nzuri na nyumba inayokalika.

Wengi watauliza kuhusu Kadhi, kwa kuwa fiqhi humtaka muuzaji aseme aibu ya kitu chake na humpa mnunuzi hiari ya kurudisha. Katiba, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, kwa hivyo kesi ya mauzo haiwezi kufunguliwa hapo. Lakini hakuna kinachowazuia wawili hao kukubaliana mbele ya wazee, wa Gasa au wa Matadeda, na Katiba inatambua usuluhishi wa namna hiyo. Makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi.

Yakishindikana, dai la shilingi 2,400,000 liko ndani ya uwezo wa mahakama ya hakimu, kwani hata hakimu mkazi husikiza madai ya hadi shilingi 5,000,000; kwa kesi za ardhi awe hakimu aliyetangazwa rasmi kwa kazi hiyo. Muda wa kushtaki juu ya mkataba ni miaka 6, na juu ya udanganyifu kama kosa la madhara ni miaka 3. Palipo na ulaghai, Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kifungu cha 26, huanza kuhesabu siku mnunuzi alipougundua, au siku ambayo angeugundua kama angekuwa mwangalifu. Kwa mwalimu wa mfano huu, hesabu inaanza Mei, rangi ilipochubuka.

Na ambaye bado hajanunua anaweza kuomba jambo moja linaloepusha haya yote: sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili hadi masika yapite. Muuzaji anayejua nyumba yake ni kavu hatapoteza kitu kwa kukubali. Anayekataa kabisa aulizwe sababu, na jibu lake nalo liandikwe.