Mbona Simu Zetu Hazionyeshi Bei Moja ya Dola?

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kambi ya Kakuma, Kenya, kuhusu fedha zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo)



Wengi wenu mmeleta lalamiko moja. Ndugu aliye ng'ambo anatuma dola. Wewe unatazama simu yako, inasema dola moja ni shilingi 129 na senti 50. Simu ya jirani, saa ile ile, inasema 129 na senti 20. Kampuni iliyotuma fedha inasema 127. Ugomvi unaanza: wakala anashukiwa kuwa mwizi, na pengine ndugu anashukiwa kuwa hakutuma zote. Leo tueleze tofauti hizo zinatoka wapi.

Kwanza ifahamike kwamba dola haina bei moja. Fikirini muuza maharagwe sokoni. Ananunua kilo kwa shilingi 120, anaiuza kwa 140. Ukiulizwa bei ya maharagwe, utasema ipi? Ukisema 130, umetaja bei ya katikati, ambayo hakuna aliyenunua wala kuuza kwayo. Dola ni vivyo hivyo. Benki ikinunua dola kwa 128 na kuiuza kwa 131, bei ya katikati ni 129 na senti 50. Tovuti nyingi na programu za simu huonyesha hiyo ya katikati. Ni bei ya kujulisha tu. Madirisha mengi hayatakulipa kwayo.

Pili, kila tovuti ina mahali pake pa kupata habari. Hakuna soko moja lenye ubao mmoja wa bei za dola. Mabenki huuziana yenyewe kwa yenyewe, na kila moja hutaja bei yake. Tovuti hii imekusanya bei za mabenki haya, ile imekusanya za mengine, basi wastani haulingani. Benki Kuu ya Kenya nayo huchukua bei za washiriki wakubwa wa soko biashara inapofunguliwa asubuhi, kisha hutangaza wastani wake. Anayesoma bei hiyo jioni anasoma bei ya asubuhi, na anayeisoma Jumapili anasoma ya siku ya kazi iliyopita. Kwa hiyo simu mbili zaweza kuonyesha saa moja ukutani, lakini bei zake ni za saa mbili tofauti. Tazameni chini ya bei: mara nyingi huandikwa ilichukuliwa lini.

Kwa kawaida tofauti za namna hii ni za senti. Lakini dola ikiwa adimu huwa kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 hapa Kenya, bei iliyotangazwa na Benki Kuu na ile ambayo mabenki yaliwauzia wateja zilipishana kwa shilingi kadhaa.

Tatu, kampuni nyingi za kutuma fedha hazikuonyeshi bei ya katikati. Kila moja huonyesha bei yake, ikiwa imekwisha kutoa faida yake ndani. Nyingine hutoza ada kando, nyingine hukuambia "hakuna ada" lakini imepunguza bei. Tuchukue mfano. Ndugu ana dola 200. Kampuni ya kwanza haitozi ada, na bei yake ni 127: utapokea shilingi 25,400. Ya pili ina bei nzuri zaidi, 128 na senti 80, lakini inakata kwanza dola 5. Zinabaki dola 195, nawe unapokea shilingi 25,116. Bei iliyoonekana mbaya imekupa shilingi 284 zaidi. Lakini kama angetuma dola 1,000, ya kwanza ingekupa 127,000 na ya pili 128,156. Hapo ya pili ndiyo bora, kwa sababu ada ni ile ile ingawa fedha ni nyingi.

Basi msimwulize ndugu, "Bei ni ngapi?" Mwulizeni, "Ukitoa dola hizo zote, pamoja na ada, mimi nitapokea shilingi ngapi?" Kampuni humwonyesha hesabu hiyo kabla hajalipa, na huandikwa kwenye risiti. Mwambieni awatumie picha yake. Kiasi mlicholipwa kikipungua kuliko cha risiti, hapo mna haki ya kulalamika. Kikilingana na risiti lakini hakilingani na simu ya jirani, wakala hakuwaibia.

La mwisho: kampuni nyingine humpa mteja mpya bei ya juu mara ya kwanza tu. Lakini mtu asiye na ofisi akiwaahidi bei inayopita hata ile ya katikati, na kutaka fedha kwanza, jihadharini. Jiulizeni faida yake anaipata wapi.