Uliza Mara Mbili: Mchana na Usiku
*Maelezo yaliyotolewa mbele ya bango kuhusu taa na usalama*

Bango hili linafupisha utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2000. Peter Boyce na wenzake walichagua maegesho 24 ya magari mjini Albany, jimbo la New York. Waliwapeleka watu huko mchana na usiku, na kila mara waliwauliza wanajiona salama kiasi gani.

MCHORO WA 1: JUA NA MWEZI

Kwa nini waulize mara mbili? Kwa sababu mahali pengine panatisha hata saa sita mchana. Tuseme mama Mkongomani anarudi kazini usiku na kushukia kituo cha basi. Mpe alama za usalama, kuanzia 1 hadi 5. Akisema mchana 5 na usiku 2, giza limempunguzia alama 3, kwa hiyo taa inaweza kumsaidia. Akisema mchana 2 na usiku 2, taa si dawa. Hapo kuna jambo jingine: nyumba tupu, kichaka, au watu wanaomsumbua.

MCHORO WA 2: MSTARI UNAOPANDA, KISHA UNALALA

Mwanga hupimwa kwa laksi. Mwezi mpevu, bila mawingu, haufikishi hata laksi 1. Katika maegesho yale, chini ya laksi 10, mwanga ukiongezeka kidogo tu watu walijiona salama zaidi sana. Kati ya 10 na 50, kila nyongeza ilisaidia kidogo kuliko iliyotangulia. Kupita 50, tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo taa moja kwenye giza totoro ina faida kuliko taa ya pili mahali penye mwanga tayari.

MCHORO WA 3: JICHO, SI KUFULI

Utafiti huu ulipima jinsi watu wanavyojiona, haukuhesabu wizi wala mashambulizi. Mahali panapong'aa panaweza kuwa na hatari, na penye giza panaweza kuwa shwari. Lakini hofu yenyewe ina gharama: mama huyo anaweza kuacha zamu ya usiku au darasa la jioni.

FANYA HIVI

Pita njia yako mchana, uandike alama. Rudi usiku pamoja na mwenzako, uandike tena. Pengo likiwa kubwa, tazama nguzo: taa imezimika, inawaka na kuzima, au imefunikwa na matawi? Nguzo nyingi zina namba. Iandike pamoja na jina la mtaa, kisha ripoti kwa manispaa au kampuni ya umeme. Kama taa iko ndani ya eneo la nyumba za kupanga, mwambie mwenye nyumba.

Pengo likiwa dogo na alama zote ziko chini, usiombe taa. Eleza kinachokutisha mchana.